Kipindi cha Redio: Jinsi Jeni Moja Inavyoweza Kuukinga Muhogo na Michirizi ya Kahawia

Maandishi yafuatayo yalitayarishwa ili yasomwe redioni katika kipindi cha wakulima. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya familia ambazo hazikupata nafasi ya kusikiliza, na kwa wale wanaopenda kusoma polepole na kujadiliana nyumbani. Yanaeleza jambo moja: vipi jeni iliyoingizwa ndani ya muhogo inaweza kuuzuia ugonjwa wa virusi, na mahali inapoishia kazi yake.

Mzizi mzuri nje, mbovu ndani

Wakulima wengi wa muhogo wameuona ugonjwa huu bila kulijua jina lake. Shamba linapendeza, majani ni mabichi, mashina yamesimama. Siku ya kung'oa ikifika, mzizi unatoka ukiwa na umbo lake la kawaida. Kisu kinapopita katikati, ndani mnaonekana madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Sehemu hiyo haiwivi hata ikichemshwa mchana kutwa, na haifai kwa makopa wala unga. Mnunuzi akikata mizizi miwili na kuikuta hivyo, huondoka na kuliacha shamba zima.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Jina lake linatokana na alama ndefu za kahawia ambazo wakati mwingine huonekana kwenye sehemu changa ya shina. Kwenye majani dalili yake ni umanjano unaofuata mishipa midogo, na huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Majani hayo ndiyo hupukutika kwanza, kwa hiyo mkulima hudhani ni ukame au uzee wa jani. Hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na batobato. Batobato hukunja na kuchakaza majani ya juu, na kila apitaye huiona. Michirizi ya kahawia hujificha mpaka siku ya mavuno.

Ugonjwa huu si mgeni. Mtafiti H. H. Storey aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936 katika kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa nyanda za chini za pwani. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana ukienea Uganda katika maeneo ya juu zaidi, na magharibi mwa Kenya nako ukawa tatizo la mashambani.

Virusi husafiri vipi

Wanaosababisha ugonjwa huu ni virusi wa aina mbili walio ndugu wa karibu. Hueneza ugonjwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoruka kama vumbi jani linapotikiswa. Inzi mweupe hufyonza utomvu wa mmea mgonjwa, kisha huenda kufyonza mmea mzima na kuuachia virusi. Lakini hakai na virusi hawa kwa muda mrefu, kwa hiyo huwaeneza karibu tu, kutoka mmea hadi mmea au kutoka shamba hadi shamba la jirani.

Njia ya pili ni mkono wa mtu. Muhogo haupandwi kwa mbegu bali kwa vipando vinavyokatwa kutoka shina. Kipando ni nakala ya mama yake, na hurithi mazuri na maradhi yake pia. Mzigo wa vipando wenye virusi ukipakiwa kwenye bodaboda au matatu, ugonjwa husafiri kwa saa chache umbali ambao inzi mweupe asingeufika.

Maagizo ndani ya koti

Ili kuielewa jeni, ni lazima kwanza kumwelewa kirusi. Kirusi si mdudu wala si bakteria. Hana mdomo, hawezi kula, na hawezi kuzaa peke yake. Ni maagizo yaliyofungwa ndani ya koti la protini. Maagizo hayo yameandikwa kwa kemikali ambayo wanasayansi huiita RNA, na kwa virusi wa michirizi ya kahawia urefu wake ni kama herufi 9,000.

Kirusi akiingia ndani ya seli ya muhogo, koti huvuliwa na maagizo hubaki wazi. Seli ina mashine zake za kusoma maagizo na kutengeneza protini, na mashine hizo hazimuulizi mgeni anakotoka. Husoma maagizo ya kirusi na kuanza kuyatii. Hutengeneza makoti mapya, nakala mpya za maagizo, na hatimaye virusi wapya wengi, ambao huhamia seli ya pili na ya tatu. Mmea unakuwa unawalisha wageni, na mizizi ndiyo inayolipa gharama.

Mlinzi na kipande cha kanga

Muhogo hauko bila ulinzi. Ndani ya kila seli kuna ulinzi wa asili uliokuwamo tangu zamani, kabla ya maabara yoyote. Ulinzi huo hufanya kazi hivi: seli ikikuta maagizo ya RNA yaliyojikunja na kushikana pande mbili, jambo ambalo virusi hulifanya wanapojinakili, huyashuku. Huyakata vipande vidogo vya herufi 21 hadi 24, kisha huvihifadhi kama sampuli. Baada ya hapo, maagizo yoyote yanayopita ndani ya seli hulinganishwa na sampuli hizo. Yakifanana, hukatwa kabla hayajasomwa.

Chukua mfano wa mlinzi wa mtaa. Mwizi amekuja amevaa kanga, na kanga ile imechanika kipande kikabaki kwenye ua wa miiba. Mlinzi akipewa kipande hicho, anajua rangi, anajua pindo, anajua herufi za jina lililoandikwa. Usiku unaofuata, yeyote atakayekuja amevaa kanga ileile hatavuka lango. Shida ya muhogo wa kawaida ni kwamba mlinzi hupata kipande hicho akiwa amechelewa. Virusi wamekwisha kuingia, wamezaana, na wana mbinu zao za kumvuruga mlinzi. Sampuli inapokuwa tayari, nyumba imekwisha kuibiwa.

Kazi ya jeni iliyoingizwa ni kumpa mlinzi kipande cha kanga mapema, kabla mwizi hajaja. Watafiti walichukua sehemu ya maagizo ya virusi hawa wawili, sehemu inayohusu koti lao. Wakaipanga mara mbili, mara moja kwenda mbele na mara moja kinyumenyume. Seli inapoisoma jeni hiyo, nakala inayotoka hujikunja yenyewe na kushikana pande mbili kama pini ya nywele. Mlinzi huishuku papo hapo, huikata, na kuhifadhi sampuli. Kwa njia hiyo kila seli ya muhogo, kuanzia jani hadi mzizi, hukaa na sampuli za virusi ambao bado hawajafika.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hulikosea. Kipande hicho cha virusi hakitengenezi koti, wala hakitengenezi kirusi. Kazi yake yote huishia kwenye sampuli zile ndogo. Kipande cha kanga hakiwezi kuiba. Kinatosha tu kumtambua mwizi.

Jinsi jeni ilivyoingizwa

Muhogo uliofanyiwa kazi hii ulitokana na aina iitwayo TME 204. Wakulima wa Uganda waliipenda kwa sababu ilistahimili batobato, lakini michirizi ya kahawia ikaiangusha. Kazi ilifanywa kwa ushirikiano wa shirika la utafiti la KALRO la Kenya, shirika la NARO la Uganda, na Kituo cha Danforth kilichoko Sent Luisi, Marekani.

Watafiti hawakuchoma sindano kwenye mti uliokwisha kukua. Walianza na chembe ndogo za muhogo zilizokuzwa ndani ya chupa. Jeni ilibebwa na bakteria wa udongoni ambaye kwa asili yake hupenyeza kipande cha urithi wake ndani ya mimea. Watafiti walimtoa yale yanayoleta ugonjwa, wakampa mzigo wao badala yake. Si kila seli hupokea mzigo. Kwa hiyo pamoja na kipande cha virusi huwekwa jeni ya alama, inayoiwezesha seli iliyopokea kustahimili dawa fulani maabarani huku nyingine zikifa. Seli zilizobaki hukuzwa mpaka ziwe miche kamili.

Kila mche unaopatikana hivyo ni tofauti, kwa sababu jeni hujipachika mahali tofauti. Ndiyo maana miche mingi hutengenezwa na kupimwa, na mingi hutupwa. Kipimo kimoja kilikuwa kuunganisha mche wa majaribio na kijiti cha muhogo mgonjwa, kama wafanyavyo wakulima wa maembe wanapobebesha, ili virusi wapite moja kwa moja bila kumngoja inzi. Mche uliobaki mzima baada ya hapo ulipelekwa kwenye mashamba ya majaribio yenye uzio. Huko uling'olewa na kukatwa mizizi yake msimu baada ya msimu. Mche uliochaguliwa mwishowe huitwa kwa namba, 4046. Nchini Kenya majaribio ya shambani yalifanywa Mtwapa katika Kaunti ya Kilifi, Kandara katika Kaunti ya Murang'a, na Alupe katika Kaunti ya Busia.

Ekari moja, njia mbili

Mfano wa familia moja yenye ekari moja utasaidia kuona tofauti. Muhogo ukipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari huchukua kama vipando 4,000. Tuseme familia hii imeomba vipando kwa jirani, na kipando kimoja katika kila kumi kimetoka kwenye shina gonjwa. Hiyo ni mimea 400 yenye virusi tangu siku ya kwanza, imetawanyika shamba zima.

Muhogo wa kawaida ukiwa ndio uliopandwa, kila mmoja wa mimea hiyo 400 huwa kama jiko ambalo inzi weupe huchukua moto. Mimea iliyo karibu nayo huambukizwa. Mvua nyingine ikija, familia hukata vipando kutoka shamba lake yenyewe, na kwa kuwa mashina yanaonekana mazima, wagonjwa huchanganywa na wazima. Sasa si mmoja katika kumi tena. Misimu michache ikipita, mama wa nyumba anasema ile mbegu imechoka. Mbegu haikuchoka, imejaa virusi.

Shamba hilohilo likipandwa muhogo wenye jeni ya kinga, inzi weupe watakuja vilevile, watatua vilevile, na watafyonza vilevile. Jeni haiwafukuzi. Tofauti inaanza baada ya inzi kuuma. Virusi wakiingia, maagizo yao hukutana na sampuli zilizokuwa zikingoja, na hukatwa kabla hawajazaana. Virusi wasipozaana ndani ya mmea, inzi anayefuata hana cha kubeba. Na kwa kuwa jeni imo ndani ya kila seli, vipando vya msimu ujao vitakuwa nayo bila kuongezewa chochote.

Jeni isichokinga

Ulinzi huu unategemea kufanana. Mlinzi anayejua pindo moja la kanga hawezi kumtambua mwizi aliyevaa nyingine. Ndiyo sababu watafiti walitumia vipande vya virusi wote wawili. Ni sababu hiyo pia inayofanya ufuatiliaji uendelee baada ya mmea kupatikana, kwa kuwa virusi hubadilika, na aliyebadilika sana huenda akapita.

Batobato husababishwa na virusi wa ukoo mwingine kabisa, na jeni hii haiwagusi. Hapa watafiti walipata pigo ambalo linafaa kujulikana. TME 204 ilikuwa na kinga yake ya asili ya batobato, lakini hatua ya kuikuza kutoka chembe ndogo ndani ya chupa iliipotezea kinga hiyo. Muhogo ukatoka ukiwa na nguvu dhidi ya michirizi ya kahawia na dhaifu kwa batobato. Suluhisho lilikuwa ni la kizamani: kuchukua chavua na kuuzalisha na aina nyingine zinazostahimili batobato, kisha kuchagua watoto waliorithi kinga zote mbili.

Jeni hii pia haizuii kuoza kwa mizizi kunakoletwa na maji yaliyotuama, wala utitiri wa kijani, wala panya. Haiongezi rutuba ya udongo. Na haiondoi sumu ya asili iliyomo ndani ya muhogo mchungu, kwa hiyo kumenya, kuloweka, kukausha na kupika vizuri hubaki palepale.

Maswali yanayoulizwa na familia

Je, mtu akila muhogo huu atakuwa anakula virusi?
Virusi wa michirizi ya kahawia ni wa mimea, na hawamuambukizi mtu. Watu wa pwani wamekula sehemu nzuri za mizizi yenye ugonjwa huu kwa vizazi, na ndani yake kulikuwa na virusi kamili. Ndani ya muhogo wenye jeni kuna kipande tu. Hata hivyo usalama haukuamuliwa kwa hoja hiyo peke yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia hukagua mmea mzima, pamoja na jeni zote zilizoingizwa, virutubishi vya mzizi na athari kwa mazingira. Baada ya ukaguzi huo, mamlaka ilitoa idhini mwezi Juni 2021.

Je, chavua ikivuka ua, muhogo wa jirani utabadilika?
Mti wa jirani hautabadilika, wala mizizi yake, wala vipando vitakavyokatwa kwake. Chavua huathiri mbegu tu, zile zinazokaa ndani ya tunda dogo la muhogo. Mbegu hiyo ikidondoka na kuota yenyewe, mche wake unaweza kuwa na jeni. Mkulima asiyetaka hilo hung'oa miche iliyoota yenyewe na kupanda vipando vya mti anaoujua.

Je, mtu anaweza kuutambua kwa macho?
Hapana. Jani lake, shina lake na ladha yake ni za muhogo. Jeni hutambuliwa kwa kupima jani maabarani. Kwa hiyo mchuuzi akileta vipando na kusema ni vya GMO na haviugui, hakuna njia ya kumwamini kwa kutazama.

Hali ilivyo sasa

Idhini ya mwaka 2021 haikuwa ya kuuza vipando. Ilifungua njia ya majaribio ya kitaifa, ambayo hupima kama aina mpya inazaa na kufaa katika maeneo tofauti. Baada ya hapo KEPHIS na kamati inayohusika na aina mpya za mimea ndio huamua kama itatolewa kwa wakulima. Mwezi Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ya mwaka 2012 kuhusu vyakula vya GMO, na uamuzi huo ukapingwa mahakamani. Wakati maandishi haya yanatayarishwa, muhogo huu hauuzwi, na hakuna mtu aliyeidhinishwa kuusambaza vijijini.

Kwa sasa kinga ya shamba imo mikononi mwa familia yenyewe. Ziko aina zilizopatikana kwa uzalishaji wa kawaida zinazostahimili michirizi ya kahawia. Mojawapo ni Kaleso, ambayo Tanzania huitwa Namikonga, na ilitokana na kazi iliyofanywa Amani. Kibandameno, inayopendwa kwa utamu wake, ni dhaifu kwa ugonjwa huu na inahitaji uangalifu zaidi.

Vipando huchaguliwa wakati wa mavuno, siyo baada. Kabla ya kuliweka shina la mbegu kando, mizizi ya mti huohuo hukatwa vipande katika sehemu kadhaa, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umekaa upande mmoja tu. Mzizi mmoja ukionyesha kahawia, shina lote hutengwa na halirudi shambani. Mti wenye umanjano wa mishipa kwenye majani ya chini huwekewa alama mapema, wakati majani bado yapo, kwa kuwa kiangazi kikifika dalili hiyo huanguka pamoja na jani. Na kwenye shamba ambalo limekwisha kuonyesha ugonjwa, hasara hupungua ikiwa mizizi itang'olewa mapema inapokomaa badala ya kuachwa ardhini, kwa kuwa madoa huendelea kuongezeka kadiri mzizi unavyokaa.

Familia yenye mashaka kuhusu vipando vyake inaweza kufika katika ofisi ya kilimo ya wadi ikiwa na mzizi uliokatwa na tawi lenye majani ya chini. Afisa wa ugani akiona vyote viwili, anaweza kutofautisha michirizi ya kahawia na uozo wa kawaida, na kuelekeza mahali pa kupata vipando safi.